Kwa nini chanjo ya homa ya mafua hubadilishwa

"Nilichanjwa homa ya mafua mwaka juzi nilipokwenda Hija. Sasa naambiwa nichanjwe tena. Si kirusi ni kilekile, wanataka kuuza tu?" (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

La, mama. Kirusi hiki hujinakili bila kusahihisha makosa. Makosa yakiangukia protini yake ya juu, hemaglutinini, kingamwili za chanjo ya zamani huishika kwa shida. Huko ni kusogea kidogo kidogo, na hakukomi.

Tazama Marekani, msimu wa 2014–2015. Februari 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya msimu huo itumie A/Texas/50/2012, aina mojawapo ya kundi la virusi vya mafua liitwalo H3N2. Huchaguliwa mapema hivyo kwa sababu kutengeneza chanjo, nyingi zikikuzwa ndani ya mayai ya kuku, huchukua takriban miezi sita. Katika miezi hiyo kirusi kikasogea. Majira ya baridi yalipofika, H3N2 nyingi zilizopimwa hazikufanana na ya chanjo, na kinga dhidi yake ikawa hafifu. Septemba 2014, chanjo ya nchi za nusu ya kusini ya dunia ilipewa A/Switzerland/9715293/2013 badala yake.

Mgeuko mkubwa ni jambo jingine, tena la nadra. Vinasaba vya kirusi viko vipande 8. Aina mbili zikiingia seli moja, mathalani ya nguruwe, huchanganya vipande. H1N1, kundi jingine la virusi vya mafua, ile ya 2009 ilitokana na michanganyiko hiyo, ikahitaji chanjo yake yenyewe.

Kwa hiyo soma msimu ulioandikwa kwenye kisanduku cha chanjo, na uchanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari.