Z si mzigo uliolala

Bidhaa za stoo hupangwa kwa madaraja kwa njia mbili, ABC na XYZ. Bado nasikia watu wa stoo wakisema "hiyo ni Z" wakiwa na maana kwamba bidhaa haitembei. Sivyo. Kuganda kwa mzigo ni jambo jingine kabisa.

ABC hupanga bidhaa kwa fedha inazobeba: chache za juu, zinazochukua kama asilimia 80 ya thamani ya matumizi ya mwaka, ni A, na utitiri wa mwisho ni C. XYZ haiulizi fedha wala wingi. Inauliza mahitaji yanapanda na kushuka kiasi gani. Unagawanya mchepuko sanifu wa mauzo ya kila mwezi kwa wastani wake, hapa miezi sita iliyo B2 hadi G2:

```
=STDEV.P(B2:G2)/AVERAGE(B2:G2)
```

Wengi huita X bidhaa yenye uwiano chini ya 0.5, Y hadi 1, Z juu ya hapo. Mipaka hiyo ni ya makubaliano tu.

Tuseme duka la spea lina pedi za breki na klachi pleti za bei moja. Kwa miezi sita pedi zimetoka 18, 22, 20, 19, 21, 20. Pleti zimetoka 0, 60, 0, 5, 55, 0. Zote ni 120, kwa hiyo ABC inaziona pacha, A na A. Lakini uwiano wa pedi ni 0.06, wa pleti 1.33. Pleti ni Z, na zimeuzwa sawasawa na pedi! Kwa upande mwingine, kioo cha pembeni kinachouzwa viwili kila mwezi bila kukosa ni X, ingawa kinatoka polepole.

Ukisubiri mzigo mwezi mmoja na unataka kutopungukiwa kwa asilimia 95, kanuni ya kawaida (1.65 mara mchepuko) inakupa akiba ya tahadhari ya pedi 2 tu. Hizo agiza kidogo kidogo, mara kwa mara. Kwa pleti inakupa 44, juu ya 20 za wastani, yaani fedha nyingi ikae rafuni ikimngoja mteja mmoja mkubwa. Afadhali umtafute mteja huyo, pengine gereji yenye magari mengi, mkubaliane atoe oda mapema. Rafuni weka chache za wateja wa rejareja.

Kabla ya kubandika Z, angalia zile sifuri. Kama mwezi ule rafu ilikuwa tupu, sifuri ni ya kwako, si ya mteja. Na madaftari yanayopaa kila Januari shule zikifunguliwa yatatoka Z kwenye hesabu, ilhali kila muuzaji anajua yatapaa lini. Hayo yapimwe baada ya kuondoa msimu.

Kwa hiyo mzigo usiotembea uitwe hivyo hivyo, mzigo usiotembea, na upimwe kwa siku uliokaa stoo. Z tuiachie mahitaji yanayorukaruka.