Sigara haipunguzi mawazo, inatuliza arosto yake yenyewe

Wavutaji wengi wanaofika kliniki yetu ya saikolojia tiba hapa Moshi hawabishani nasi kuhusu mapafu. Habari za saratani wanazijua, na kikohozi cha asubuhi wanacho. Kinachowarudisha dukani kununua fegi ni kitu kingine: "Daktari, hiyo ndiyo inanipunguzia mawazo." Na hawasemi uongo. Mtazame mvutaji dakika chache baada ya kuzima sigara, utaona uso umekunjuka na sauti imeshuka. Nafuu ipo. Linalobaki kuulizwa ni kwamba yale mawazo yaliyopungua yalikuwa yametoka wapi.

Tumchukue dereva wa Kosta anayepiga ruti ya Moshi na Arusha. Si mtu mmoja ninayemjua, nimemuunda kutokana na wengi ninaowasikiliza, lakini mtu wa stendi atamtambua. Sigara yake ya mwisho huivuta saa tatu usiku. Huamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla hajapiga mswaki ameshawasha ya kwanza. Saa kumi na mbili gari limejaa, anavuta nyingine haraka pembeni ya mlango, anaondoka. Kwa Sadala anacheka na abiria. Boma Ng'ombe bado yuko vizuri. Akipita Kikatiti anaanza kumfokea konda kwa chenji. Usa River kila bodaboda mbele yake ni mpumbavu. Anafika Arusha saa mbili asubuhi, anashuka, anapiga pafu tatu za nguvu, na dunia inarudi kuwa mahali pa kuishi.

Muulize kilichomuudhi atakwambia foleni ya Tengeru, trafiki na abiria wa kubishana nauli. Hayo yote yapo kweli. Lakini tazama saa.

Nikotini ikivutwa na moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 tu. Hapo hukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, na kuchochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayompa mtu ile hisia ya kuridhika. Kisha ini huanza kuivunja. Kila baada ya saa mbili hivi, nikotini iliyoko kwenye damu hupungua kwa nusu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta, hilo halina maana yoyote. Kwa aliyevuta miaka kadhaa ni jambo kubwa, kwa sababu ubongo wake umejipanga upya: umeongeza vipokezi, na umezoea kufanya kazi nikotini ikiwepo. Ikishuka, vipokezi hivyo vinabaki vitupu na mwili unalalamika. Malalamiko yenyewe yanajulikana: hasira za karibu, wasiwasi, kutotulia, kushindwa kukaza akili kwenye jambo moja, huzuni isiyo na sababu. Vijana huita arosto, na neno hilo linatosha.

Sasa rudi kwenye safari. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na kwa Kosta inayosimamasimama ni karibu saa mbili. Dereva anapoingia Arusha amebaki na takriban nusu ya nikotini aliyoondoka nayo. Foleni na arosto zimemkuta pamoja, mahali pamoja, kila siku. Hana namna ya kuzitenganisha kwa hisia peke yake, maana arosto haina ladha yake. Haimwambii mtu "mimi ni upungufu wa nikotini." Inamfikia ikiwa na sura ya mawazo ya kawaida, halafu akili inatafuta wa kulaumiwa, na barabarani hakosekani.

Sigara ya alfajiri ndiyo inayoonyesha mambo waziwazi zaidi. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja ni saa nane, yaani nikotini imekatwa nusu mara nne. Imebaki kama sehemu moja kati ya 16. Saa hiyo hakuna trafiki wala abiria, mtu ametoka kulala. Bado anaamka na kero, na anaapa kwamba sigara ya asubuhi ni tamu kuliko zote. Utamu wake ni ukubwa wa shimo linalozibwa. Ndiyo maana tukitaka kujua mtu amezama kiasi gani, swali la kwanza si anavuta ngapi kwa siku. Tunamuuliza akiamka anakaa muda gani kabla ya kuwasha. Anayewasha ndani ya dakika tano amefungwa zaidi ya anayeweza kufika saa moja.

Konda wake havuti, na kwetu huyo ni kipimo kizuri. Wamepita foleni ileile na kusimamishwa na trafiki yuleyule, tena konda ndiye aliyebishana na abiria. Wakifika stendi naye anatulia, kwa sababu safari imeisha. Hakuhitaji kitu cha kumtuliza. Dereva baada ya sigara anafikia hali ambayo konda alikuwa nayo bila kuvuta. Mwanasaikolojia Andy Parrott wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1999 alipokusanya tafiti za hali ya hisia za wavutaji kwa siku nzima: hali yao huwa ya kawaida wakati wa kuvuta na huharibika kati ya sigara moja na nyingine, na kwa jumla wavutaji huripoti msongo kidogo zaidi ya wasiovuta. Ni sawa na mtu wa mkopo wa kausha damu anayekopa asubuhi ili amlipe mkopeshaji yuleyule wa jana. Kila anapolipa anasikia ahueni ya kweli, na deni liko palepale.

Mwili nao una ushahidi wake, na unaweza kuupata bila kipimo cha hospitali. Mvutaji akae dakika tano, ahesabu mapigo ya mkono kwa dakika nzima, avute, kisha ahesabu tena. Mara nyingi ataona yameongezeka kwa 10 au zaidi, kwa sababu nikotini huchochea adrenalini na kupandisha shinikizo la damu. Kitu kinachotuliza mwili hakiendeshi moyo hivyo. Kichwa kinasikia utulivu huku moyo umekanyagiwa mafuta.

Nisimpunje mvutaji, kwa sababu si kila kitu kwenye ile dakika ya sigara ni arosto. Kuna kushuka kwenye gari, kunyoosha mgongo, kukaa mbali na watu, na pumzi ndefu anazovuta na kutoa polepole. Hayo yanatuliza kweli, na konda anayapata kwa kusimama kivulini na chupa ya maji. Tena wapo watu waliokuwa na wasiwasi au sonona kabla hawajaijua sigara, na ugonjwa huo unahitaji tiba yake. Wala kuacha hakulipi ada ya shule. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya ile nafuu anayoisifia mvutaji ni malipo ya kero iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Anayetaka kuhakikisha mwenyewe, achukue daftari dogo kwa siku chache. Kabla ya kila sigara aandike saa, kisha ajipe alama za mawazo kutoka 0 hadi 10, na aandike kama kuna jambo baya lililotokea muda huo. Baada ya robo saa ajipe alama tena. Kama ni matukio ndiyo yanayompandisha, alama zitafuata matukio. Mara nyingi zinafuata saa: zinapanda kadiri muda tangu sigara ya mwisho unavyorefuka, hata siku ya Jumapili akiwa nyumbani na hakuna aliyemuudhi.

Mtego mkubwa unakuja pale anapojaribu kuacha. Tuseme dereva wetu ameacha Jumatatu. Arosto huanza ndani ya saa chache na hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Jumatano, basi, amemjibu mkewe vibaya, amegombana na konda, usiku hajalala. Anawasha moja, na ndani ya dakika amekuwa mtu mwema. Hitimisho lake: "Mimi bila sigara siwezi kuishi na watu." Amejipima siku mbaya kuliko zote, akalinganisha na dakika nzuri kuliko zote. Angengoja, sehemu kubwa ya kero hiyo ingepungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Ile hamu kali yenyewe ikija hudumu dakika chache tu, kisha hupita hata asipovuta. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia watu kwa wiki sita au zaidi. Walioacha walikuwa na wasiwasi, sonona na msongo pungufu kuliko walivyokuwa mwanzo, ukiwalinganisha na walioendelea kuvuta, na hata wenye maradhi ya akili walionyesha mwelekeo huohuo.

Kwa watu wa huku kwetu, wanaolima kahawa na kuinywa, kuna jambo moja linaloharibu majaribio ya wengi bila wao kujua. Moshi wa sigara, si nikotini bali kemikali za lami yake, hulichochea ini kuvunja kafeini karibu mara mbili ya kasi ya kawaida. Ndiyo maana mvutaji anaweza kunywa vikombe vitano na asione kitu. Akiacha, ini hurudi kwenye kasi yake ndani ya wiki moja hivi, na vikombe vilevile vitano sasa vinajaza damu kafeini nyingi zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi haupo, na yeye anahesabu yote hayo kuwa ni kukosa sigara. Kwa hiyo siku ya kuacha punguza kahawa kwa nusu, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa pungufu, kwa hiyo kubadilisha kahawa kwa birika zima la chai si kupunguza.

Ini hilohilo huvunja kwa njia hiyo baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama klozapini na olanzapini. Mvutaji anayezitumia akiacha ghafla, dawa inaweza kuzidi mwilini kwa dozi ileile aliyozoea, akaanza kusinzia kupita kiasi au kupata degedege. Huyo asiache dawa wala asijipunguzie mwenyewe. Amwambie daktari wake tarehe ya kuacha kabla haijafika, ili dozi ipangwe upya mapema.