Saa ya simu na ajenda fupi kwa msambazaji: dhana potofu na ukweli

"Habari za kazi, naomba tuongee kidogo kuhusu masharti yetu ukipata nafasi." Wanunuzi wengi wakitaka kubadilishiwa masharti huanza na ujumbe wa namna hii. Nami niliutuma mara nyingi nilipoanza kazi ya manunuzi. Una adabu, lakini unaweza kukaa wiki sita bila jibu la maana, na chanzo chake ni dhana chache ambazo hazina ukweli.

Tuchukue mfano mmoja. Biashara inatumia maboksi 3,500 ya kufungashia kila mwezi, lakini msambazaji hapokei oda iliyo chini ya 5,000. Ankara inatakiwa kulipwa ndani ya siku 14, wakati wateja wa biashara hiyo wanalipa baada ya siku 45. Kwa hiyo hata bidhaa ikiuzwa siku ileile, pesa ya maboksi inakaa nje siku 31, huku maboksi ya ziada yakijaza stoo. Mkataba unajirudia wenyewe tarehe 30 Juni, ila kama upande mmoja umetoa notisi ya maandishi siku 60 kabla, yaani kufikia 1 Mei. Mnunuzi anataka siku 30 za kulipa na oda za maboksi 3,500.

Dhana: Kumpangia msambazaji siku na saa ni kumwamrisha.

Ukweli: "ukipata nafasi" inamtwika yeye kazi ya kutafuta nafasi, tena kwa jambo ambalo hana haraka nalo. Masharti ya sasa yanamfaa. Kila wiki inayopita bila mazungumzo, ankara inatoka na siku zilezile 14 na oda inabaki 5,000. Kuchelewa kunamgharimu mnunuzi peke yake, na mwezi Mei ukiingia bila makubaliano wala notisi, mkataba umejifunga tena.

Adabu haipotei kwa kutaja saa. Toa nafasi mbili, sema ni ipi unaipendelea, omba jibu kwa tarehe fulani. Hapo kazi yake inakuwa kuchagua tu. Mimi huhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya notisi: nikitaka wiki mbili za kuvutana baada ya simu, simu iwe katikati ya Aprili, basi ujumbe utoke mwanzoni mwa Aprili.

Dhana: Ukituma ajenda mapema umeonyesha karata zako.

Hii ndiyo inayoharibu simu nyingi kuliko zote. Mtu anaificha hoja yake ili amshtukize mwenzake. Niliwahi kufanya hivyo: nikapata nusu saa na afisa mauzo mmoja mwenye heshima kubwa, nikamweleza kila kitu, akaandika, kisha akasema, "Nimekuelewa, ngoja nipeleke kwa wakubwa." Muda wa kulipa haukuwa mikononi mwake, ulikuwa mikononi mwa mtu wa fedha ambaye hata hakujua kuna simu. Mtu aliyeshtukizwa hakubali jambo, anaahirisha.

Ukweli ni kwamba ombi na mwisho wako ni vitu viwili. Ombi unalitaja ili wao wapige hesabu na wamlete mwenye mamlaka. Mwisho wako, tuseme uko tayari kushuka hadi siku 25, unabaki kwenye daftari lako. Kwa mfano wetu, ujumbe ungekuwa hivi:

> Habari za kazi,
>
> Naomba simu ya dakika 30 kupitia masharti yetu ya maboksi kabla mkataba haujajirudia 30 Juni. Napendekeza Jumanne 14 Aprili, saa 4:00 asubuhi (10:00). Ikishindikana, Alhamisi 16 Aprili, saa 8:00 mchana (14:00).
>
> Ajenda:
> 1. Oda zetu za miezi mitatu ijayo: maboksi 10,500 (dakika 5)
> 2. Kiwango cha chini cha oda: kutoka 5,000 hadi 3,500 (dakika 10)
> 3. Muda wa kulipa ankara: kutoka siku 14 hadi 30 (dakika 10)
>
> Dakika 5 za mwisho ni za kurudia tuliyokubaliana. Tafadhali awepo mtu anayeweza kuamua kuhusu malipo. Naomba unithibitishie kufikia Ijumaa 10 Aprili.

Angalia mpangilio wake. La kwanza ni kile unachompa: uhakika wa maboksi 10,500, ambao unamwezesha kununua karatasi na kupanga mashine mapema. La pili linategemea la kwanza, kwa kuwa oda ndogo zinazojulikana tangu mwanzo hazimsumbui sana. Malipo yanakuja mwisho kwa sababu ndiyo magumu, na hadi hapo mmeshakubaliana jambo moja au mawili. Ila usiahidi hizo 10,500 kama hujazikagua dhidi ya mauzo yako, kwa sababu ukishindwa kuzichukua, ombi la pili litakosa mguu wa kusimamia.

Kila ombi lina hali ya sasa na hali inayotakiwa. Ukiandika tu "masharti ya malipo", mtu wa fedha hana cha kukokotoa kabla ya simu. Usiongeze la nne pia. Mizigo iliyochelewa na maboksi yaliyopasuka yana barua yake, na ukiyachanganya humu, dakika 30 zitaisha kwenye lawama.

Kosa moja hapa lina gharama kubwa: kudhani ujumbe huu ndio notisi. Siyo. Kama mkataba unadai notisi ya maandishi, ni barua tofauti, inayotumwa kwa njia na kwa anwani iliyotajwa ndani ya mkataba. Kama simu itasogezwa hadi mwisho wa Aprili, barua hiyo iwe tayari.

Dhana: Saa ni saa, kila mtu anaelewa.

Kwetu tunaozungumza Kiswahili, saa nne ni nne za asubuhi au za usiku, na kwa anayesoma saa za kizungu inaweza kuwa 4:00. Nimeshuhudia mtu akisubiri simu saa 10 jioni wakati mwenzake alikusudia 10:00 asubuhi. Ndiyo maana ujumbe hapo juu una saa zote mbili. Msambazaji akiwa nchi nyingine, ongeza majira, kwa mfano UTC+3, kisha tuma mwaliko wa kalenda, kwa kuwa wenyewe hugeuza saa. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na simu iliyopangwa Machi kwa ajili ya Aprili huteleza saa nzima kama mlihesabu kwa kichwa.

Dhana: Akinyamaza, amekataa.

Mara nyingi ujumbe umekaa kwa mtu asiyehusika. Ijumaa ikipita bila jibu, piga simu ya dakika moja, uliza tu ni nani anayeamua malipo, kisha mtumie huyo ajenda ileile na saa ya Alhamisi. Usianze kushusha ombi kwa sababu ya ukimya.

Dhana: Wakikubali kwenye simu, yamekwisha.

Mikataba mingi inasema mabadiliko ni ya maandishi yenye saini za pande zote mbili. Siku hiyohiyo tuma mistari mitatu inayofuata namba za ajenda, uombe waijibu, na uombe nyongeza ya mkataba isainiwe kabla ya oda inayofuata. Ankara ya kwanza baada ya hapo isome mwenyewe, mstari wa tarehe ya kulipa. Kama bado inasema siku 14, mfumo wao haujabadilishwa, na ni rahisi kuurekebisha wiki hiyo kuliko baada ya ankara nne.