Kununua kwa pamoja si ubia

Wafanyabiashara watano wa genge wakichanga hela, wakaleta Fuso ya vitunguu na kugawana mzigo, utasikia wanasema "tumeingia ubia". Hapana. Wamenunua kwa pamoja: wameunganisha oda zao ndogo kuwa oda moja kubwa ili wapate bei ya jumla, wakagawana gharama na hasara ya njiani, kisha kila mtu akaenda kuuza vyake.

Neno lenyewe limechangia mkanganyo huu. Ubia limetokana na bia, na bia hii haina uhusiano na ile ya chupa. Ni neno la zamani la kuchangiana: watu wakila bia, kila mmoja analeta fungu lake na chakula kinakuwa cha wote. Kwa maana hiyo ya asili, wale watano wa genge wamefanya bia hasa. Ila ubia wa leo umekwenda mbali zaidi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inautambua ubia pale watu wanapoendesha biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida, na mbia anabeba madeni ya biashara hiyo pamoja na wenzake. Faida inaingia mfuko mmoja, na deni linamfuata kila mmoja. Wanunuzi wa pamoja hawana mfuko huo. Ushirika wao unaishia kwenye mizani.

Tuchukue mfano wa magunia 20 ya vitunguu, kila moja kilo 100. Tuseme kilo ya vitunguu vilivyochambuliwa sokoni mjini ni shilingi 1,500. Shambani, kwa mtu anayebeba magunia 20 kwa mpigo, gunia linapatikana kwa 120,000. Nauli 8,000, kupakia na kushusha 2,000. Jumla ni 130,000 kwa gunia, au milioni 2.6 kwa mzigo wote. Watano wale wamelipia magunia 6, 5, 4, 3 na 2.

Kosa kubwa hufanyika gari likishafika: kila mtu anavuta idadi ya magunia yake yakiwa yamefungwa. Kitunguu kilichong'olewa na kufungwa kabla shingo haijakauka huanza kuoza ndani kwa ndani, na magunia yaliyobanwa chini ya turubai hutoa jasho njiani. Utayajua kwa harufu na kwa alama ya unyevu kwenye wavu. Ukibonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba, inabonyea. Aliyelipia magunia mawili akiangukiwa na mawili yaliyooza, amebeba peke yake hasara ya watu watano. Na magunia hayalingani uzito, hasa yakiwa na lumbesa, kwa hiyo kuhesabu magunia hakutoshi.

Njia ya haki ni kufungua yote, kuchambua pamoja, kupima vizima, halafu kugawa kilo kwa uwiano wa pesa. Tuseme vizima ni kilo 1,840. Aliyelipia magunia 5 kati ya 20 anachukua robo, yaani kilo 460. Wa magunia 2 anachukua 184. Kilo sasa imemgharimu kila mmoja takriban 1,413 badala ya 1,300, bado chini ya bei ya soko. Vizima vikishuka chini ya kilo 1,734, safari imekula hasara. Afadhali wangenunua pale pale sokoni. Hesabu hiyo ifanyike kabla gari halijaondoka, ili kila mtu ajue mzigo unavumilia uozo kiasi gani.

Baada ya mizani, hasara ni ya mtu na genge lake. Aliyeuza kwa bei ya chini au aliyenyeshewa mvua hana madai kwa wenzake, na aliyeuza ghali hadaiwi mgao. Hapa ndipo neno ubia linapogombanisha watu: mmoja anaamini hasara yake ya mauzo ni ya wote, mwingine anajua hasara ya wote iliishia kwenye kugawana mzigo.

Mzigo wa mali kauli unahitaji uangalifu zaidi. Msambazaji humjua mmoja tu, yule aliyetoa neno, naye ndiye atakayedaiwa mzigo mzima hata kama wanne hawajamrudishia. Andikeni kwenye karatasi nani anadaiwa kiasi gani na siku ya kulipa, kila mmoja atie sahihi, kabla gunia halijafunguliwa.

Kwa hiyo, mkigawana mzigo na kila mtu akauza kivyake, semeni tu mmenunua kwa pamoja, au mmechanga mzigo. Mkianza kuuza kwa daftari moja na kugawana kinachobaki, hapo ndipo mtakuwa wabia.