Je, wajua? Si kila tumbo linalokaza ni uchungu

Mama mjamzito wa Kibosho anauliza: "Mimba yangu ya kwanza ina wiki 38. Jioni tumbo linakaza kama jiwe, kisha linaachia. Nitajuaje kama ni uchungu wa kweli?"

Kinachotofautisha hali hizi mbili ni shingo ya kizazi. Katika uchungu wa kweli, kila mkazo huivuta shingo hiyo, ikalainika, ikawa nyembamba na kufunguka. Katika mikazo ya mazoezi, ambayo daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872, misuli ya mfuko wa uzazi hujikaza bila kuifungua shingo kwa kiasi cha kuanzisha uzazi. Kwa kuwa mama hawezi kuiona shingo hiyo, nyumbani hutumia saa.

Muda hupimwa tangu mkazo mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza, wala si tangu ule wa kwanza unapoisha. Tuseme mama huyu, aliyeshinda akipalilia migomba na kunywa maji kidogo, anaandika nyuma ya daftari: saa 1:10 usiku, 1:18, 1:43, 1:55. Nafasi kati ya mikazo ni dakika 8, 25 na 12, nguvu yake haiongezeki, na tumbo linakaza zaidi upande wa mbele. Anakwenda haja ndogo, anakunywa maji, analala kwa ubavu, na mikazo inakoma. Hayo ni mazoezi.

Siku chache baadaye anaandika: saa 5:00 usiku, 5:10, 5:18, 5:25, 5:31. Nafasi zinapungua, kila mkazo unadumu kuliko uliotangulia, kutoka sekunde 35 hadi 50, maumivu yanaanzia kiunoni na kuja mbele, na hata akitembea au kulala hayaachii. Unapofika mkazo hawezi kumalizia sentensi aliyokuwa akisema. Huu ni uchungu.

Hata hivyo saa ina mipaka yake, kwa sababu uchungu wa kweli unapoanza, hasa kwa mimba ya kwanza, waweza kwenda na kukatika kwa saa nyingi. Ndiyo maana mkunga hupima shingo, na asipopata jibu dhahiri huirudia baada ya saa kadhaa ili aone kama imebadilika. Kurudishwa nyumbani baada ya hapo hakumaanishi kwamba mama alijisingizia.

Ushauri uliozoeleka kwa mimba ya kwanza ni kwenda kujifungua mikazo inapofuatana kila dakika 5 kwa muda wa saa nzima. Kwa maoni yangu, anayeishi mlimani, ambako usiku usafiri wa kushuka Moshi ni wa kutafuta, aondoke mapema zaidi, na aliyewahi kuzaa asisubiri hivyo, maana mtoto wa pili huja haraka.

Chupa ikipasuka, damu ikitoka kama ya hedhi, mtoto akipunguza kucheza, au mikazo ikifuatana kabla ya wiki 37, aende mara moja bila kuhesabu dakika. Vivyo hivyo kwa mwenye kovu la upasuaji wa uzazi, mara tu mikazo inapoanza kufuatana.