Neno la kutuma: jina linalopimwa kwa kidole

Ukisikia kwenye redio ya Goma "tuma neno fulani kwenda namba fulani", hilo neno ndilo linaloitwa neno la kutuma. Ni jina la huduma ambalo mtu analiandika mwenyewe kwenye simu, kisha mashine upande wa pili inalisoma na kuamua ijibu nini. Ikikosewa herufi moja tu, hakuna mlango unaofunguka. Ndiyo maana kulichagua ni kazi tofauti na kuchagua jina la duka au la kibao cha barabarani.

Watu wengi wanaanza kwa kuhesabu herufi. Lakini kwenye simu ndogo ya vitufe kinachochosha ni mibonyezo. Kitufe cha 2 kina A, B na C: A unabonyeza mara moja, C mara tatu. S iko mwisho wa kitufe cha 7, kwa hiyo unabonyeza mara nne.

Tuchukue huduma ya kuwaambia watu wa Goma bei ya gunia la makala, yaani mkaa. Mmoja anapendekeza SOKO, kwa sababu ni fupi. Hesabu: S nne, O tatu, K mbili, O tatu, jumla 12. Mwingine anataka MAKALA, wenzake wanasema ni refu mno. Hesabu tena: M moja, A moja, K mbili, A moja, L tatu, A moja. Jumla 9. Neno la herufi sita limelishinda la herufi nne, na zaidi ya hapo linasema wazi linauza habari gani.

Sasa aje wa tatu na KIVU, kwa kuwa kila mtu hapa analijua. Mibonyezo ni 10, si mbaya. Tatizo ni V na U: zote ziko kwenye kitufe cha 8, na zimefuatana. Baada ya V lazima usubiri kidogo, simu ikubali herufi hiyo, ndipo ubonyeze U. Mwenye haraka hasubiri. Simu inahesabu mibonyezo mitano mfululizo, inazunguka mpaka herufi nyingine, na neno linatoka KIT au kitu kisichoeleweka. MAHARAGI nayo ina mtego huo, maana G na I zinakaa pamoja kwenye 4. Mimi neno la namna hii ningeliacha hata likiwa zuri kiasi gani.

Baada ya kidole linakuja sikio. Tangazo linasikika redioni au kwa jirani, halafu kila mtu anaandika alivyosikia. Goma ina wasemaji wengi wa Kinyarwanda, ambao kwao makala ni "amakara", kwa hiyo MAKARA itafika tu. Wengine watatuma BRAISE, kama wanavyosema kwa Kifaransa. Hao hawajakosea chochote. Mashine ipewe maneno yote matatu na yaelekee jibu moja. Vilevile isijali herufi kubwa au ndogo, wala nafasi iliyobaki mwishoni. Na yale maneno ambayo mashine imeyakataa yahifadhiwe na kusomwa kila wiki: MAKLA ikirudi mara nyingi, iongezwe kwenye orodha.

Kwenye menyu inayofunguliwa kwa namba inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli, mambo ni mengine. Hapo mtu anaandika tarakimu tu, na jina analisoma. Ukurasa mmoja unabeba herufi 182, zikiwemo nafasi, na mistari yote inagawana hizo:

```
1 Makala
2 Maharagi
3 Unga
0 Rudi
```

Ukiandika "Huduma ya bei ya makala", mstari mmoja umekula nafasi ya mitatu, na neno lenyewe limejificha mwishoni.

Limebaki jina linaloonekana juu ya ujumbe wa jibu, mahali pa namba ya mtumaji. Hilo mwisho wake ni herufi 11. BEI YA MAKALA ni 13 pamoja na nafasi, haliingii. BEI MAKALA ni 10, linaingia. Ila mtu hawezi kulijibu jina kama hilo, hivyo namba ya kutuma iandikwe ndani ya ujumbe wenyewe.

Na jihadhari na alama za Kifaransa. Herufi é haina shida, lakini ê haimo katika herufi za kawaida za ujumbe wa simu. Huduma ikiitwa "Forêt" na jina hilo likawekwa katika kila jibu, nafasi ya ujumbe mmoja inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Jibu la herufi 150 lililokuwa likienda kama ujumbe mmoja linakwenda kama tatu, na zote tatu zinalipiwa. Andika "Foret".