Kostiki au bekingi soda: uchafu wa jiko unaachia kwa kipi?

Kazi yangu ni kusafisha majiko na oveni, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama bekingi soda inaweza kuchukua nafasi ya ile jeli kali ya dukani yenye kostiki. Mimi huwajibu kwa swali: uchafu wako una rangi gani? Kung'ang'ania dawa ipi ni kali hakusaidii kitu kama hujajua unachokitoa.

Mafuta yaliyoruka jana kutoka kwenye kikaango bado ni mafuta. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanatosha, na hapo kostiki na bekingi soda zote ni kujisumbua. Mafuta hayo yakikaa karibu na moto wiki baada ya wiki, hewa na joto huyabadilisha. Chembe zake hushikana na kuwa wavu mmoja mkubwa, na mafuta ya alizeti, soya na mahindi hushikana upesi zaidi. Kwanza yanakuwa ya njano na kunata kidoleni. Baadaye yanakuwa kahawia, makavu na ya kung'aa. Wakati huo si mafuta tena kwa maana ya kawaida, ni vanishi, na ndiyo maana sabuni ya vyombo huteleza juu yake bila kufanya lolote.

Aina ya tatu ni nyeusi na haing'ai. Ukiikwaruza inatoa unga kama wa mkaa, kwa sababu ni mkaa kweli: maziwa yaliyofurika, sukari au mchuzi, vikaungua hadi ikabaki kaboni.

Jeli ya oveni kwa kawaida huwa na hidroksidi ya sodiamu, ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki. Inaifanyia ile vanishi ya kahawia kilekile inachokifanya kwenye sufuria ya sabuni: inakata viungo vinavyoshikilia mafuta, na kinachobaki ni sabuni na gliserini, vitu ambavyo maji huvibeba. Wavu ule wa vanishi bado una viungo vya namna hiyo ndani yake, kwa hiyo kostiki inaukata vipandevipande mpaka unalegea. Ujeli wenyewe si urembo. Unaifanya dawa ishike kwenye ukuta wa oveni badala ya kutiririka, na unachelewesha kukauka. Jeli iliyokauka haifanyi kazi, kwani kukata huko kunahitaji maji. Isitoshe, kostiki iliyoachwa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka polepole kuwa kaboneti ya sodiamu, ule ukoko mweupe unaouona pembeni.

Bekingi soda ni jambo jingine kabisa. Rojo lake lina pH ya 8 na kitu, wakati jeli ya kostiki iko 13 au zaidi. Kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo tofauti hapo ni kubwa mno kuzibwa kwa kuongeza kijiko kingine cha unga. Haiwezi kugeuza vanishi kuwa sabuni kwa joto la jikoni. Inachofanya ni kusugua. Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha takriban gramu 96 tu za unga huu, hivyo kwenye rojo zito chembe nyingi hubaki nzima, na chembe hizo ni ngumu kuliko grisi lakini laini kuliko kioo na enameli. Zinakwangua uchafu bila kuchora uso mgumu. Rojo pia huweka unyevunyevu juu ya uchafu usiku kucha, na unyevunyevu pekee hulegeza mengi. Vipimo vyangu ni sehemu tatu za unga kwa moja ya maji. Likitiririka, ni jepesi mno.

Kuhusu kuongeza siki ili povu lifanye kazi: povu ni kaboni dioksidi inayotoka wakati asidi na soda vinauana. Likiisha, una maji yenye chumvi hafifu ya asetati ya sodiamu, na hicho si kisafishio. Siki tumia mwishoni, peke yake, kufuta vumbi jeupe la soda. Usiitumie kwenye marumaru, maana asidi inayala.

Sasa nichukue jiko moja la gesi la mteja, kwa sababu ndilo linaloonyesha haya yote mahali pamoja. Juu lilikuwa bamba la enameli nyeupe, na kila bana imezungukwa na pete ya kahawia iliyong'aa. Vyuma vya kuwekea sufuria vilikuwa vya chuma cha kusubu chenye enameli nyeusi. Vichwa vya bana, vile vyenye matundu ya moto, vilikuwa vya kijivu na vyepesi. Kwenye upande wa vitufe kulikuwa na alama za moto mkubwa na mdogo zilizochapwa kwa rangi. Mwenye jiko alikuwa amesugua pete zile kwa rojo na siki siku kadhaa, mkono ukamuuma. "Fundi," akaniambia, "paka tu ile jeli kila mahali, tumalize."

Kila mahali ndipo penye hatari. Nilitoa sumaku mfukoni. Kwenye bamba ilinasa, maana chini ya enameli kuna chuma. Kwenye vichwa vya bana haikunasa, na kwa wepesi wake na ile rangi ya kijivu isiyong'aa nikajua ni alumini. (Sumaku pekee haitoshi, kwani kuna stenlesi nyingi zisizonasa, lakini stenlesi ni nzito na ngumu zaidi.) Alumini na kostiki havikai pamoja. Kostiki huila kabisa, ikitoa vipovu vya hidrojeni, na uso unabaki mweusi wenye mabaka ambayo hayafutiki kwa sababu si uchafu, ni chuma kilicholiwa. Ukiona jeli inachemka mahali bila wewe kuipasha moto, ioshe papo hapo.

Basi vichwa vya bana nilivitoa na kuviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikasugua kwa rojo la soda kwa dakika chache na kusuuza mara moja. Hata soda haifai kuachwa kwenye alumini usiku kucha, inaififisha. Matundu niliyazibua kwa kijiti cha meno. Alama za vitufe nilizigusa kwa kitambaa cha sabuni tu: kostiki hung'oa rangi na rojo huifuta kidogokidogo.

Vile vyuma vya kuwekea sufuria havikuhitaji jeli wala kusuguliwa kwa rojo. Kuna dawa ya katikati ambayo watu wengi wanayo kabatini bila kujua. Tandaza bekingi soda kwenye trei ya chuma isiyo alumini, kwa unene wa kidole au pungufu, uiweke kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja hivi. Inatoa mvuke na kaboni dioksidi na kugeuka kaboneti ya sodiamu, yaani magadi ya kufulia, yenye pH ya 11 hivi ikiwa majini. Mizani itakuonyesha kama imegeuka: gramu 100 zinabaki kama 63. Hiyo sasa inaunguza ngozi kidogo, kwa hiyo vaa glavu. Niliyeyusha vijiko vikubwa vinne kwenye beseni la maji ya moto sana, nikazamisha vyuma kwa saa chache, na sehemu kubwa ya grisi ikatoka kwa brashi ya plastiki. Alumini usiitie humo.

Zilibaki zile pete. Hapo jeli ilistahili. Nilifunga gesi, nikangoja bamba lipoe kabisa, nikaziba matundu ya bana kwa mifuko midogo ya plastiki ili dawa isiingie ndani. Nilivaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kuziba pembeni. Jeli naipaka kwa brashi, na ndiyo sababu nyingine ninayoipenda kuliko ya kupuliza: kostiki iliyo hewani kama ukungu unaivuta puani na kuipata machoni. Nikafunika kwa karatasi ya nailoni isikauke, nikaacha muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa ile ulikuwa nusu saa.

Kipimo cha kuwa imeiva ni kipande cha plastiki cha kukwangulia. Ukisukuma na pete inakunjika kama uji wa kahawia, imetoka. Ikikwama, usiongeze nguvu, ongeza jeli na muda. Mwenye jiko aliona pete iliyomtesa ikifutwa kwa kitambaa, akanyamaza.

Kusuuza ndiko watu wanakokuharakisha. Kostiki iliyobaki itakauka na kugandia pale moto ukiwashwa, na itangoja kidole cha mtu. Nafuta kwa kitambaa chenye maji, nakisuuza, narudia, mpaka uso haunipi tena ule utelezi chini ya glavu. Utelezi huo ukiuhisi kwenye ngozi yako, ni mafuta ya ngozi yanayogeuka sabuni. Osha kwa maji mengi yanayotiririka na usimwagie siki. Ikiingia jichoni, maji yatiririke bila kukatika kwa dakika 20 angalau, kope zikiwa wazi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Kostiki huzama ndani ya jicho kuliko asidi nyingi. Na isichanganywe na dawa nyingine yoyote kwenye uso uleule, iwe ya asidi au ya klorini.

Baada ya kusuuza yalibaki madoa mawili meusi, mahali maziwa yalipofurika zamani. Mteja alitaka jeli tena. Nilikataa, kwa sababu mkaa hauna mafuta ya kukatwa na kostiki haina pa kuushika. Hapa ndipo rojo la soda lililoshindwa na pete likashinda: nililiacha chini ya kitambaa kibichi huku nikifunga vyuma, kisha nikasugua kwa mduara kwa sponji laini, na doa likamegeka kama unga. Kwenye jiko la kioo la umeme ningetumia wembe wa kukwangulia ulioinamishwa, si jeli, maana watengenezaji wengi wa vioo hivyo wanaikataza kostiki.

Kwa oveni yenyewe utaratibu ni uleule, na mipaka mitatu. Oveni inayojisafisha yenyewe kwa kuunguza uchafu kwa joto la karibu nyuzi 500 usiipake kostiki, kwani masalio yake yakipata joto lile hula enameli. Kuta za kijivu zinazokwaruza kama msasa zina kichocheo, yaani kitu kinachosaidia mafuta kuungua yenyewe, na jeli huziba vitundu vyake na kuziua. Na mpira wa mlango uoshe kwa sabuni tu. Nimeona mingi iliyokakamaa kwa jeli, na oveni ikaanza kuvujisha joto.